Muuzaji alisema mwezi mzima, bombone ya kilo 6 imekwisha siku 13. Nani anajua kuhesabu hii?

#1 Mama wa Saba (Himbi, Goma)
Jambo wote. Niliacha makala mwezi uliopita, nikanunua bombone ya gazi ya kilo 6 na jiko la macho mawili. Muuzaji akaniapia: "Mama, kwa familia yako hii ni mwezi mzima." Siku ya 13, jioni nikiwa katikati ya kupasha chakula, moto ukasinyaa kama mshumaa wa mwisho wa misa, ukazima. Tuko watu saba nyumbani. Mume wangu anasema nimeibiwa. Muuzaji anasema napika kama hoteli. Kuna njia ya kujua ukweli kwa hesabu, au kila mtu anakisia tu?

#2 Kijana wa Birere
Umeibiwa, mama. Ile kilo 6 wanapima pamoja na chuma. Gazi yenyewe ndani ni kama kilo 3 hivi. Ndiyo maana haifiki mwezi.

#3 Fundi wa Ndosho
#2 acha kutisha watu. Kilo 6 ni gazi peke yake. Chuma kina uzito wake, umegongwa kwenye kola ya bombone pale juu karibu na mkono. Unajumlisha zile mbili, unapata uzito wa bombone iliyojaa. Kama chuma ni 7,4, iliyojaa lazima isome 13,4. Ikisoma kilo 6 kwa jumla, basi hujanunua hata chuma kizima.

Mama, mimi kabla ya hesabu naangalia detanderi, kile kichwa kinachopunguza nguvu ya gazi kabla haijafika kwenye jiko. Bombone nyingi hapa zimepita bariyeri kutoka Gisenyi na vichwa havifanani. Watu wanafunga detanderi ya jirani, ya kazi nyingine kabisa. Ile yako imeandikwa nini? Pia jiko lilishafunguliwa na fundi mwingine? Wapo wanaopanua kitundu cha shaba kinachotema gazi kwa sindano, ati moto uwe mkali. Moto unakuwa mkali kweli, na bombone inakwenda mbio.

#4 Yaya wa Keshero
Miye yangu ya kilo 6 inamalizaka mwezi na siku mbili. Lakini niko peke yangu na paka.

#5 Kijana wa Birere
#4 hahaha, paka anakula sombe?

#6 Mwalimu wa Katindo
Habari za jioni. Hesabu ipo na si ngumu, lakini inataka vitu ambavyo mama hajaviandika. "Siku" si kipimo. Bombone haijui siku, inajua saa za moto. Yaya wa Keshero na Mama wa Saba wanaweza kuwa na bombone sawa kabisa, na kila mmoja akasema kweli.

Mama, geuza jiko (bombone ikiwa imefungwa, tafadhali) uangalie kibandiko chini au nyuma. Kila jicho lina nguvu yake kwa kW. Majiko mengi yanaandika pia gramu kwa saa, g/h. Tuletee hizo namba, pamoja na unachopika kwa siku na muda wake kwa saa ya ukutani, si kwa kukumbuka.

#7 Muzee wa Ziwa
Wapendwa, mimi nashangaa. Ziwa letu la Kivu limejaa gazi chini, kila mtu anajua. Kwa nini tunanunua ya chupa kutoka mbali? Na hiyo ya ziwa ingedumu siku ngapi?

#8 Mwalimu wa Katindo
Muzee, heshima kwako, ila hiyo ni gazi nyingine. Ya ziwa ni metani, imeyeyuka ndani ya maji ya chini. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt unaitoa na kutengeneza umeme, megawati 26. Ya kwenye bombone ni butani na propani, zinatokana na mafuta ya petroli. Ukizikandamiza kidogo tu zinakuwa maji, ndiyo maana kilo 6 zinaingia kwenye chombo cha kubeba kwa mkono. Metani haikubali hivyo: kwenye joto la kawaida hata uikandamize vipi haigeuki maji. Kwa kilo moja ina nguvu kuzidi kidogo hii yetu, lakini kilo 6 zake huwezi kuzipandisha chukudu.

#9 Mama wa Saba
Aksanti mwalimu. Nimegeuza jiko, limenimwagia mafuta ya jana, lakini namba nimezipata. Jicho kubwa: 2,8 kW, 204 g/h. Jicho dogo: 1,75 kW, 127 g/h. Detanderi imeandikwa 30 mbar, na jiko pia 30 mbar. Fundi hajaligusa, ni jipya.

Siku yangu iko hivi. Asubuhi maji ya chai na ya kuogesha watoto, jicho kubwa, dakika 30. Mchana mboga au sambaza kwenye jicho dogo dakika 40, fufu kwenye jicho kubwa dakika 15. Jioni napasha chakula kwenye jicho dogo dakika 20. Ni hayo tu. Mimi si hoteli.

#10 Kijana wa Birere
Nimetafuta. Gazi ya kupikia ina 12,8 kWh kwa kilo. Kilo 6 ni karibu 77 kWh. Gawa kwa 2,8 unapata saa 27 na nusu za jicho kubwa likiwa wazi kabisa. Nimekuwa mwalimu pia.

#11 Mwalimu wa Katindo
#10 umekaribia sana kwa mtu aliyesema chuma kinahesabiwa ndani ya kilo 6. Kuna mtego mmoja tu. Gazi ina namba mbili za nguvu, kutegemea kama unahesabu na joto linalobaki kwenye mvuke wa maji unaotoka na moshi. Ukiliacha joto hilo, unapata 12,8 yako. Ukilihesabu, unapata kama 13,7. Waliotengeneza jiko la mama walitumia ile kubwa kuandika 2,8 kW. Tutajuaje? Kwa kibandiko chenyewe: zidisha 0,204 kwa 13,7 unapata 2,8 kamili. Ukizidisha kwa 12,8 unapata 2,6, haifanani na kilichoandikwa.

Kwa hiyo ukichukua kW ya kibandiko, nenda na 13,7. Kilo 6 ni 82 kWh, gawa kwa 2,8, saa 29. Au achana na kWh kabisa: gramu 6000 gawa kwa 204, saa 29. Njia ya gramu ndiyo naipenda, haina ugomvi.

Sasa siku ya mama:
Asubuhi nusu saa ya jicho kubwa, gramu 102.
Mboga ya mchana dakika 40 za jicho dogo, gramu 85.
Fufu robo saa ya jicho kubwa, gramu 51.
Kupasha jioni, gramu 42.
Jumla gramu 280 kwa siku. Kilo 6 inakwisha siku ya 21.

Mwezi haukuwepo tangu mwanzo. Lakini 13 na 21 ziko mbali. Zimepotea siku 8, sawa na kilo 2 na ushee za gazi.

#12 Kijana wa Birere
Nilisema ameibiwa!!!

#13 Dada wa Majengo
Ninyi wanaume mnahesabu vizuri lakini hamjawahi kulisha watu saba. Mama, na maharagi je? Familia ya watu saba Goma haipiki maharagi?

#14 Mama wa Saba
😅 Maharagi sikuyaandika kwa sababu si ya kila siku. Ni mara mbili kwa wiki. Napika saa tatu, jicho kubwa, moto wote, maana maharagi yetu hapa ni magumu kuiva.

#15 Mwalimu wa Katindo
Dada wa Majengo, nakuvulia kofia.

Sufuria moja ya maharagi, saa tatu kwa gramu 204, ni gramu 612. Sehemu ya kumi ya bombone nzima, kwa sufuria moja! Mara mbili kwa wiki ni gramu 1224, ukigawa kwa siku saba ni kama 175 kila siku. Jumlisha na zile 280, unafika 455. Gramu 6000 gawa kwa 455 ni siku 13.

#16 Fundi wa Ndosho
Kesi imefungwa. Muuzaji huru.

#17 Mwana Lushi
Salamu kutoka Lubumbashi. Msifunge kesi haraka hivyo. Mwalimu ametumia 204 kama msahafu, lakini namba hiyo inapimwa usawa wa bahari. Goma mko kama mita 1500 juu. Hewa yenu ni nyepesi, kanieneo ni kama asilimia 85 ya ile ya baharini. Detanderi inatoa 30 mbar juu ya hewa iliyopo, kwa hiyo gazi inayopita kwenye kitundu nayo ni nyepesi kwa kiasi hichohicho. Uzito unaopita haupungui kwa 15 lakini, unafuata kipeuo cha pili, ni kama asilimia 8. Jicho la 2,8 kwenu linatoa kama 2,6 tu.

Basi 455 inakuwa 419, na bombone ilipaswa kufika siku 14 na kitu. Bado siku moja na kitu imepotea. Sisi Lushi tuko karibu mita 1200, tunapoteza kidogo kuliko ninyi. Nimefanya kazi na gazi ya viwandani, hii naijua.

#18 Kijana wa Birere
Sasa sielewi. Huku juu gazi inadumu zaidi? Basi tuko na bahati.

#19 Mwana Lushi
#18 inadumu kwa saa, haidumu kwa sufuria. Moto ukiwa dhaifu kwa asilimia 8, maji yanachelewa kuchemka kwa kiasi hichohicho. Unaunguza gazi ileile kwa muda mrefu zaidi. Na kuna la pili: Goma maji yanachemka kwenye nyuzi 95, si 100. Maharagi yanaivia kwenye maji yenye joto pungufu, kwa hiyo yanataka muda zaidi. Mama anaposema maharagi ya huko ni magumu, hakosei, lakini shetani si maharagi peke yake, ni mlima.

#20 Dada wa Majengo
Bibi yangu alikuwa anasema maharagi ya Masisi ni magumu lakini ya Rutshuru yanaiva haraka. Alikuwa anasingizia mlima pia?

#21 Mwana Lushi
Bibi anaweza kuwa na haki. Maharagi yaliyokaa ghalani muda mrefu yanakuwa magumu kwelikweli, hata ukiyapikia pwani. Mimi nasema mlima umo, sijasema uko peke yake.

#22 Mwalimu wa Katindo
#17 nimekubali ile asilimia 8, nilizembea. Ila niongeze jambo moja kuhusu maharagi, maana hapa ndipo gazi ya mama inapotelea.

Maji yakishachemka hayapandi tena joto. Ukiacha moto wote au ukipunguza hadi yatoe povu dogodogo, ndani ya sufuria ni nyuzi 95 zilezile. Tofauti ni mvuke: moto mkubwa unaugeuza mto wa maji kuwa wingu jikoni, na kila baada ya muda unaongeza maji ya baridi ambayo lazima yachemke upya. Sufuria iliyofunikwa inahitaji moto mdogo sana kubaki inachemka. Jicho dogo likipunguzwa hadi mwisho, moto ukiwa bluu mfupi lakini hauzimiki, linakula kama gramu 40 kwa saa.

Hebu tupike upya. Dakika 20 za moto mkubwa hadi kuchemka, gramu 68. Hamishia jicho dogo, punguza, funika, saa mbili na dakika 40, gramu 107. Jumla 175, si 612. Maharagi yaleyale, saa tatu zilezile.

#23 Yaya wa Keshero
Miye maharagi nalalishaka kwenye maji usiku kucha, asubuhi napika na sufuria ya presha. Dakika 40 yameiva. Kelele ndiyo mingi tu, paka anakimbiliaka chini ya kitanda.

#24 Fundi wa Ndosho
Sufuria ya presha ndiyo dawa ya mlima. Inafungia mvuke, maji yanapita nyuzi 110 ndani hata hapa kwetu. Ila mpira wa kifuniko ukichoka inavuja, na watu wanaendelea kuongeza moto wakidhani ni gazi mbaya.

#25 Mama wa Saba
Ninyi mmenifanya nipime dunia nzima. Nimefanya mawili.

La kwanza, nimechemsha lita 5 za maji kwa jicho kubwa, na saa mkononi: dakika 27.

La pili, nimenunua bombone nyingine. Nimeipandisha kwenye mizani ya muuza maharagi wa pale sokoni, akacheka lakini akakubali. Kwenye kola chuma ni 7,4. Mizani imesoma 12,9. Hiyo si 13,4.

#26 Kijana wa Birere
12,9 toa 7,4 ni 5,5. NUSU KILO IMEIBIWA. Niombeni msamaha sasa.

#27 Mwana Lushi
Na tazameni hii: 5500 gawa kwa 419 ni siku 13. Kamili! Mwalimu alipata 13 kwa kilo 6 bila mlima, mimi napata 13 kwa kilo 5,5 na mlima. Hesabu zote mbili zinafika mlango mmoja, lakini moja inasema muuzaji mwaminifu na nyingine inasema mwizi.

#28 Mwalimu wa Katindo
Ndiyo tabu ya kuwa na jibu kabla ya hesabu, kila njia inafika. Na ile bombone ya kwanza haikupimwa, imesharudi kwa muuzaji. Hatutaijua kamwe.

Mama, kabla ya kumwita mtu mwizi, pima mizani. Chukua chupa sita za maji za lita 1,5, zijaze, ziweke zote juu. Maji ni kilo 9, na plastiki za chupa sita ni kama gramu 200.

#29 Fundi wa Ndosho
Mimi nimebaki kwenye dakika 27. Mwalimu, lita 5 zingetakiwa dakika ngapi?

#30 Mwalimu wa Katindo
Kutoka nyuzi 20 hadi 95, lita 5 zinataka karibu 0,44 kWh ndani ya maji yenyewe. Jiko la gazi la kawaida linaingiza kwenye sufuria kama nusu ya moto wake, nyingine inapita pembeni na kupasha jikoni. Kwa 2,6 ya mlima, nusu ni 1,3. Ni dakika 20. Mama amepata 27, maana yake kama 38 kwa mia tu ndiyo inaingia.

#31 Fundi wa Ndosho
Basi tatizo liko hapo, si kwa muuzaji wala kwa maharagi. Mama, unapikia wapi? Moto wako una rangi gani? Chini ya sufuria kuna masizi?

#32 Mama wa Saba
Napikia barzani, nje, kwa sababu naogopa gazi ndani ya nyumba. Upepo wa ziwa upo saa za mchana na jioni. Moto ni bluu lakini unalalia upande mmoja. Masizi hakuna. Sufuria ya maji ni ndogo, moto unatoka pembeni yake.

#33 Fundi wa Ndosho
Nilijua. Upepo unakula asilimia zako. Weka kizuizi cha bati pande mbili au tatu, lakini kisizungushe jiko lote na kisije karibu na bombone, vinginevyo unaipikia bombone yenyewe. Na sufuria iwe pana kuliko moto. Ulimi wa moto ukipanda pembeni ya sufuria unapasha mawingu. Bluu bila masizi ni habari njema, hewa inaingia vizuri. Ungekuwa wa njano ningesema vile vitundu vimeziba au buibui amejenga ndani ya bomba. Usicheke, nimekuta zaidi ya mara moja.

#34 Dada wa Majengo
Nje ni vizuri mama, usirudi ndani bila kufikiri. Sisi watu wa Goma tunajua mazuku: hewa nzito inayojikusanya mabondeni, mbuzi anainama kula nyasi hainuki. Gazi ya bombone ni nzito kuliko hewa vilevile. Ikivuja ndani inatambaa chini, inajaa pembeni, inangoja cheche. Tofauti yake na mazuku ni kwamba hii wameitia harufu ili utoke mbio.

#35 Fundi wa Ndosho
Na kuvuja pia kunakula siku. Povu la sabuni kwenye kifungo cha detanderi na kwenye mpira wote, bombone ikiwa wazi na jiko limefungwa. Kipovu kikivimba, umepata mwizi wako. Kiberiti kamwe.

#36 Mama wa Saba
Sabuni nimeweka, hakuna kipovu. Chupa sita nimepeleka sokoni, muuza maharagi sasa ananiita "mama mhandisi". Mizani imesoma 8,9.

#37 Mwalimu wa Katindo
Ilipaswa kusoma 9,2. Mizani inapunguza gramu 300. Basi bombone yako ilikuwa kama 13,2, na gazi ni 5,8. Kijana wa Birere, msamaha umeahirishwa.

#38 Kijana wa Birere
Bado gramu 200 zimeibiwa!

#39 Mwana Lushi
Au zipo. Kama mizani inapunguza kwa asilimia badala ya kwa gramu zilezile, 12,9 inakuwa 13,3 na gazi ni 5,9. Kwa mizani ya sokoni hizo gramu 100 huwezi kuzishtakia mtu.

Ila swali zuri ni kwa muuza maharagi: kilo 9 zinasoma 8,9 pamoja na plastiki, basi wateja wake wanapata nyongeza kila siku? Mwacheni huyo, ni mtakatifu.

#40 Muzee wa Ziwa
Na mimi niseme. Kuna wakati bombone inaonekana imekwisha kumbe bado. Zamani nilikuwa Bukavu, nilikuwa naitikisa, nailaza, inawaka siku moja tena.

#41 Fundi wa Ndosho
Muzee, wewe una bahati kuwa hai. Ukiilaza, gazi inatoka ikiwa maji badala ya hewa, inapita detanderi, na moto unaruka urefu wa mtu. Msifanye hivyo.

#42 Mwana Lushi
Fundi ana haki kuhusu kulaza, lakini muzee ana chembe ya ukweli. Gazi ndani ni mchanganyiko. Propani inatangulia kutoka kwa sababu inachemka kwenye baridi kali sana, butani inabaki nyuma, yenyewe inachemka karibu na sifuri. Bombone ikikaribia mwisho, iliyobaki ni butani zaidi, na kadiri inavyotoka ndivyo inavyojipoza. Kwetu Lushi mwezi wa sita asubuhi, bombone ikilala nje, moto unakuwa kama wa kibatari. Saa sita mchana bombone ileile inapika vizuri. Sijui kama Himbi mnapata baridi ya kutosha kwa hilo.

#43 Mama wa Saba
Yangu ilikwisha jioni, upepo upo, nje. Na nilirudisha siku ileile. Kwa hiyo huenda nilimrudishia muuzaji gazi yangu?

#44 Mwana Lushi
Inawezekana. Gramu 50 au 300, hatujui. Ndiyo maana mimi napima bombone kabla ya kurudisha.

#45 Mwalimu wa Katindo
Mimi siamini ni nyingi kwa joto la Goma. Naona maharagi na upepo. Lakini bila uzito wa bombone ya kwanza, kila mtu abaki na imani yake.

#46 Mama wa Saba
Taarifa baada ya wiki moja. Nimeweka bati, sufuria pana, maharagi kwenye jicho dogo na kifuniko. Mizani ileile: kutoka 12,9 hadi 11,0.

#47 Mwalimu wa Katindo
Safi, na hapo kosa la mizani karibu linajifuta, kwa kuwa unatoa namba mbili zenye kosa moja. Kilo 1,9 kwa siku saba ni gramu 271 kwa siku. Kwa 5,8 ni siku 21.

Ila hesabu yangu ya njia mpya, pamoja na ile asilimia 8, inatoa kama 304 kwa siku. Umetumia pungufu ya nilivyotarajia. Ulifanya nini kingine?

#48 Fundi wa Ndosho
Bati la upepo! Maji yanachemka haraka, dakika zinapungua. Mama, lita 5 sasa ni dakika ngapi?

#49 Mama wa Saba
Dakika 22.

#50 Dada wa Majengo
Mama, useme ukweli mbele ya jamaa. Ile mbabula iliyoko nyuma ya nyumba nimeiona ikitoa moshi Jumamosi nilipopita na motari.

#51 Mama wa Saba
Hiyo ilikuwa ya mahindi ya kuchoma tu. Na maji kidogo.

#52 Kijana wa Birere
KIDOGO NGAPI? Mwalimu, futa jedwali tuanze upya.